Wastani wa saa 8 ulivyonifichia dakika 15

Ukiletewa ripoti ya upimaji wa hewa, usianze na safu iliyoandikwa "inakidhi". Tazama kwanza muda: kila sampuli ilivutwa kwa dakika ngapi? Mimi nilichelewa kuuliza swali hilo, na aliyeumia ni mwenzangu.

Nilikuwa msimamizi wa usalama katika karakana moja ya samani pale Unga Limited, Arusha. Fundi wetu wa vanishi alivalishwa pampu ndogo kiunoni, na kijibomba chenye mkaa kikabanwa kwenye kola, karibu na pua, kwa zamu nzima. Majibu ya toluini, ule mvuke wa thina, yakaja: sehemu 43 katika kila sehemu milioni za hewa. Kikomo cha wastani wa zamu tulichotumia, cha taasisi ya NIOSH ya Marekani, ni 100. Nikaweka ripoti kwenye faili.

Wiki hiyohiyo fundi akaniambia, "Dada, mbona nikitoka kupuliza kichwa kinazunguka, halafu baada ya chai kinatulia?"

Kizunguzungu kinachokuja na kuondoka hivyo kinaelekeza kwenye dakika, si kwenye siku nzima. Alikuwa anapuliza mara 4 kwa siku, dakika 15 kila mara. Muda mwingine anapiga msasa na kuunganisha. Tukaomba kipimo cha pili: kijibomba kipya kifungwe anaposhika bunduki ya kupulizia, kitolewe dakika 15 baadaye. Jibu likawa 260. Kikomo cha NIOSH cha muda mfupi, yaani wastani wa dakika 15 zozote za siku, ni 150.

Vipimo hivyo viwili havipingani. Chukulia kila mpulizo ulikuwa 260, na saa 7 zilizobaki hewa ilikuwa karibu 12:

```
(260 × 60 + 12 × 420) ÷ 480 = 43
```

Saa 7 tulivu zimeipunguza makali saa 1 mbaya. Kwa hiyo sampuli moja ya zamu nzima, hata ikiwa chini ya kikomo chake, haitoshi kukuhakikishia kwamba kikomo cha muda mfupi hakijavukwa.

Uliza pia kikomo ni cha nani. Jumuiya ya ACGIH, nayo ya Marekani, inapendekeza wastani wa saa 8 usizidi 20 kwa toluini. Kwa kipimo hicho hata ile 43 iliyonituliza imezidi mara mbili, na kwa maoni yangu ndiyo namba ya kufuata.

Tulihamishia upulizaji kwenye kibanda chenye feni inayovuta mvuke kutoka mbele ya fundi kwenda nje, badala ya kuupitisha usoni kwake. Kipimo kilichofuata cha dakika 15 kilisoma 70, na wastani wa zamu 14. Tangu hapo, barua yangu kwa wapimaji hutaja saa ambazo upulizaji unaanza, nao hubeba vijibomba vya ziada.