Kampuni tanzu iliyomuuzia ndugu yake kwa bei ya chini: marekebisho yawe ya kiasi gani?

Swali: Kampuni yetu tanzu inatengeneza mota za umeme. Mwaka uliopita iliiuzia kampuni ndugu iliyo nchi nyingine mota 40,000 kwa dola 50 kila moja, ilhali wateja wasio na uhusiano nasi wananunua mota hiyohiyo kwa dola 65. Mkaguzi wa kodi anataka kuongeza dola 600,000 kwenye mapato yetu. Je, tukubali?

Jibu: Marekebisho hamtayaepuka, ila kiasi hicho msikikubali kabla ya kulinganisha masharti ya mauzo hayo mawili. Kanuni inadai kwamba kampuni zenye uhusiano ziuziane kwa bei ambayo wasiohusiana wangekubaliana katika mazingira yanayofanana. Kwa kuwa mnauza bidhaa ileile kwa watu wa nje, njia ya kulinganisha bei moja kwa moja ndiyo inayofaa zaidi kwenu, na mkaguzi hakukosea kuichagua. Tatizo ni kwamba amelinganisha dola 50 na dola 65 kana kwamba bei zote mbili zinalipia kitu kimoja.

Fungueni mikataba yote miwili na muisome sambamba. Tuseme mteja wa nje anapelekewa mzigo hadi bandari yake kwa gharama yenu, na usafiri pamoja na bima ni dola 4 kwa mota, lakini kampuni ndugu inachukua mzigo kiwandani. Bei ya kulinganishia inashuka hadi dola 61. Tuseme pia kwamba mteja wa nje hulipa baada ya siku 90 na kampuni ndugu baada ya siku 30. Kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, siku 60 za ziada juu ya dola 61 zina thamani ya takriban senti 90. Na ikiwa waranti ya wateja wa nje mnaibeba ninyi, kwa gharama ambayo kumbukumbu zenu zinaonyesha ni dola 2.10 kwa mota, huku kampuni ndugu ikijibebea yake, bei inafikia dola 58. Tofauti ya kweli ni dola 8, na marekebisho ni dola 320,000.

Kila punguzo kati ya hayo lisimame juu ya hati: ankara za usafirishaji, mkataba wa mkopo wenu wa benki, daftari la madai ya waranti. Wengi hukimbilia hoja kwamba kampuni ndugu hununua kwa wingi. Hoja hiyo ina nguvu pale tu mnapoweza kuonyesha kwamba mteja wa nje aliyenunua kiasi kinachokaribia hicho alipunguziwa bei kweli. Vinginevyo mkaguzi ataikataa, na ataanza kuyatilia shaka hata yale mapunguzo yenye ushahidi.

Dola 320,000 zitaongezwa kwenye hesabu ya kodi ya muuzaji, na kwa kiwango cha asilimia 30 kodi yake ni dola 96,000 kabla ya riba na adhabu. Hapa ndipo ninapowasihi msiishie kwa mkaguzi huyo. Kampuni ndugu bado imeandika gharama ya dola 50 kwa mota, kwa hiyo inapoziuza, faida ileile ya dola 320,000 hutozwa kodi kwake pia. Nchi ya pili haipunguzi faida hiyo yenyewe kwa sababu tu nchi ya kwanza imeongeza. Kama kati ya nchi hizo mbili kuna mkataba wa kodi wenye ibara ya 9(2) ya mkataba wa mfano wa OECD, mnaweza kuomba marekebisho ya upande wa pili, na mamlaka zikitofautiana, utaratibu wa maelewano wa ibara ya 25 unatumika. Mfano huo unatoa miaka 3 tangu taarifa ya kwanza ya hatua iliyosababisha kutozwa huko. Someni mkataba wenu halisi, kwa sababu muda unaweza kutofautiana, tena someni kabla ya kusaini suluhu yoyote na mkaguzi: baadhi ya suluhu humfanya mlipakodi aache haki hiyo, na kodi ya mara mbili ikabaki palepale.

Jambo la mwisho ni fedha zenyewe. Marekebisho hubadilisha mapato yanayotozwa kodi, lakini dola 320,000 bado ziko mikononi mwa kampuni ndugu. Baadhi ya nchi huzihesabu kuwa gawio na kudai kodi ya zuio, nyingine huzihesabu kuwa mkopo na kudai riba, na nyingine haziendi mbali hivyo. Mahali sheria inaporuhusu, kampuni ndugu ikizirejesha kwa muuzaji ndani ya muda uliowekwa, madai hayo ya gawio au mkopo huondoka. Lakini msitoe ankara ya nyongeza kabla ya kuuliza upande wa forodha wa nchi ya mnunuzi, kwa kuwa mota ziliingia zikiwa zimetangazwa kwa dola 50, na bei mpya inaweza kuleta ushuru wa ziada.