Kaja na mkwewe, asema kaanguka

"Nipo mafunzoni hospitalini Wete. Mama mmoja kaletwa na mkwewe, asema kaanguka, lakini shingoni mna alama za vidole. Nimuulizeje?"

Mdogo wangu, usimuulize mkwewe akiwepo. Sema unamchukua akatoe mkojo wa kupima, mkwe angoje barazani; ukimwambia "nataka faragha" atashtuka. Mlango ukifungwa, kaa, usisimame juu yake: "Alama hizi naziona kwa waliokabwa. Kuna mtu aliyekushika shingo?" Kisha nyamaza. Usiulize "kwa nini", atasikia analaumiwa. Akikataa kusema, usimbane. Mwambie mlango uko wazi.

Shingo ndiyo inayonitia hofu. Muulize kama sauti imekwaruza, kumeza kunauma, au alizimia. Jibu likiwa ndiyo, daktari amwone sasa hivi: koo huweza kuvimba saa kadhaa baadaye, hata ngozi ikionekana nzima. Kama aliingiliwa kwa nguvu, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72.

Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, mpeleke akiridhia, ukifuatana naye mwenyewe, asisimulie upya mapokezini. Maelezo yakae kwenye faili lililofungiwa. Kadi anayorudi nayo nyumbani isiandikwe neno, mkwe ataisoma.