Kiti cha mbele si heshima kila mara

Kwenye matatu za watu 14 hapa Mombasa, makanga akimwona mjamzito au mzee humwita mbele: "Mamangu, njoo ukae na dereva." Ni wema, lakini mimba yangu ilipokuwa kubwa, nikipanda za Kisauni kwenda kliniki, kiti hicho ndicho nilichokikimbia. Mlango wake uko juu ya gurudumu, kwa hivyo unainua mguu juu sana huku umeshika mlango. Na katika nyingi ya gari hizi injini iko chini ya viti vya mbele. Kwenye foleni ya Nyali Bridge saa sita mchana, joto lake utalijua.

Nyuma kabisa ni kubaya zaidi. Umekaa juu ya magurudumu, kila tuta linakupiga mgongoni, na kufika huko lazima uiname ukipita katikati ya magoti ya watu.

Kiti kizuri ni cha safu ya kwanza nyuma ya dereva, upande wa mlango. Hatua ni fupi, pa kushika papo, na mwenye goti lisilokunjika anaweza kunyoosha mguu. Tatizo ni kwamba hicho ndicho tunachokipenda wote, kwa sababu ni rahisi kushuka. Kwa hivyo ukiwa umekikalia na ukamwona anayekihitaji, usingoje makanga. Shuka kwanza, umpe nafasi ya kupanda, kisha wewe upite nyuma. Ukimwambia "songa ndani, mama," umemnyima kile kile ulichotaka kumpa.

Maneno yawe machache. "Bi mkubwa, kaa hapa" yatosha. Usimuulize mtu kama ana mimba. Kama ni unene tu, mmeaibishana wote wawili.

Mwenye fimbo nyeupe usimvute mkono. Msalimu, muulize kama anataka msaada, umpe kiwiko chako ashike mwenyewe, halafu umwekee mkono kwenye mgongo wa kiti. Mtajie stegi zinavyopita kama ameomba.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kule kugongwa kwa bodi. Makanga akigonga mara mbili dereva anaondoa, na mzee bado yuko nusu kusimama. Hapo abiria yeyote anaweza kupaza sauti: "Ngoja, dere, mzee hajakaa!" Mimi huipaza, na sijaona dereva aliyekataa kungoja. Wakati wa kushuka ni vivyo hivyo: mwambie makanga mapema, na mtu mmoja atangulie kuangalia boda zinazopita upande wa mlango.

Kwenye treni ya Madaraka Express viti vina nambari, basi kubadilishana ni makubaliano ya watu wawili. Pendekeza kabla mizigo haijapandishwa juu, na mwambie mhudumu ili ajue nani yuko wapi. Haki ya mlemavu kuufikia usafiri wa umma imo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 54, lakini ndani ya gari anayekaa karibu na mlango ndiye wa kuinuka.