Kutafsiri azimio bila kupandisha wala kushusha kitenzi

Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la tarehe 28 Aprili 2021 ndilo lililoitenga Julai 25 kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kuzama majini. Maandishi ya namna hiyo hayaishii kwenye makabati ya mabalozi. Huku Mwanza yanaweza kusomwa kwenye kikao cha BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, huko Igombe au kubandikwa mwaloni Kirumba, na msomaji wa huko anataka kujua jambo moja: tumeamriwa, au tumeshauriwa? Jibu limo kwenye kitenzi kinachoanza kila aya.

Azimio zima ni sentensi moja. Kiima ni chombo chenyewe: Baraza Kuu, Mkutano, Kamati. Kisha huja aya za utangulizi, kila moja ikiishia kwa mkato. Baada yake huja aya za utekelezaji zenye namba, zinazotengwa kwa nukta mkato hadi ya mwisho, ambayo ndiyo yenye nukta. Kwa Kiswahili tofauti ya sehemu hizi mbili inabebwa na viambishi. Utangulizi huchukua -ki-: “Likikumbuka”, “Likitambua”, “Likiwa na wasiwasi mkubwa”. Utekelezaji huchukua -na-: “Linahimiza”, “Linaamua”. Ukiandika “Linakumbuka” kwenye utangulizi, umegeuza sababu kuwa tamko.

Angalia pia ngeli. Anayefanyia kazi nakala ya zamani ya Baraza Kuu wakati azimio jipya ni la Mkutano lazima abadilishe kila “li-” kuwa “u-”. Tatizo ni kwamba “Ukikumbuka” ikisomwa kwa sauti inasikika kama anaambiwa msikilizaji. Kwa hiyo matini ya kusomwa hadharani irudie neno “Mkutano” kila baada ya aya chache.

Kazi ngumu ni nguvu za vitenzi. Kabla ya kutafsiri aya hata moja, toa vitenzi vyote vya matini chanzi, vipange kuanzia kilicho laini hadi kilicho kikali, kisha kila kimoja kipe mwenzake mmoja wa Kiswahili usiobadilika. Ngazi ninayoipendekeza ni hii: linaalika, linahimiza, linatoa wito, linasihi, linadai. “Linaamua” halimo kwenye ngazi hiyo, kwa sababu hapo chombo hakimwambii mtu afanye jambo; kinalifanya chenyewe, kama kutenga siku. Shuleni tulifundishwa kuepuka kurudia neno. Hapa usiliepuke: “linahimiza” ikigeuka “linahamasisha” aya mbili mbele, mwanasheria atauliza kilichobadilika.

Jihadhari na kukaribisha. Kiswahili kinakaribisha mgeni na kinakaribisha habari njema, lakini kwenye azimio hayo ni matendo mawili. Liache “linakaribisha” kwa ripoti na hatua zilizokwisha kuchukuliwa. Kwa nchi na mashirika tumia “linaalika”.

Hatari zaidi ni “kuzingatia”. Chombo kinapotaja ripoti bila kuikubali wala kuikataa, wengi huandika “linazingatia ripoti”, na kwetu kuzingatia ni kufuata. Baraza Kuu lenyewe lilikwisha kusema, kwenye uamuzi wake 55/488 wa mwaka 2001, kwamba maneno ya chanzi, “takes note of” kwa Kiingereza, hayaelemei upande wowote. Mimi huona “linaiweka kwenye kumbukumbu ripoti ya…” ni salama zaidi, ingawa ni refu.

Tuchukue aya ya kutunga kuhusu ziwa letu. Chanzi kinasema, kwa maana yake, kwamba Mkutano unahimiza nchi zifikirie, kadiri inavyofaa, kuweka sharti la jaketi okozi kwenye mitumbwi ya abiria. Tafsiri ya haraka huwa hivi:

“Mkutano unaziagiza nchi ziweke sharti la jaketi okozi kwenye mitumbwi ya abiria.”

Inasomeka vizuri, na ndiyo maana inapita. Lakini kitenzi kimepanda hadi kuwa amri, “zifikirie” imetoweka, na “kadiri inavyofaa” imetupwa kama pambo. Maneno hayo mawili huenda yalijadiliwa usiku kucha. Bila hayo pengine nchi fulani isingekubali. Sahihi ni:

“4. Unazihimiza nchi zifikirie, kadiri inavyofaa, kuweka sharti la kuvaa jaketi okozi kwenye mitumbwi ya abiria;”

Ndiyo, imelegea. Chanzi nacho kimelegea, na mtafsiri hana kura ukumbini. Sharti lenyewe litatoka kwenye sheria ya nchi.

Kesi moja huenda kinyume. Chombo kikimwomba Katibu Mkuu ripoti, sikio letu linasikia hiari, ilhali kwake ombi hilo ni agizo la kazi. Bado andika “linamwomba”, kwa kuwa adabu hiyo ni ya chanzi, ila kwenye taarifa ya habari sema wazi kwamba ametakiwa kuwasilisha.

Ukimaliza, nakili neno la kwanza la kila aya, chanzi kushoto na Kiswahili kulia, usome safu hizo mbili tu. Kitenzi kimoja cha kushoto kikipata sura mbili kulia, au viwili vya kushoto vikigongana kwenye kimoja, rudi kwenye aya hiyo.