Dalali anayeuza nafasi ya chuo: niliyoyaona nikiwa nyuma ya kompyuta, Mwanjelwa

"Habari wakuu. Kijana wangu kamaliza kidato cha sita PCB, matokeo yake ni Fizikia E, Kemia D, Baiolojia C. Anataka udaktari. Kuna jamaa hapa Iringa anasema ana mtu ndani ya chuo, nafasi ni uhakika kwa laki nane, nusu sasa na nusu jina likitoka. Ameomba namba ya mtihani ya kijana na vyeti. Nimpe?"

Mzazi mwenzangu, usimpe hela, na zaidi ya hela usimpe ile namba ya mtihani. Naandika kwa kirefu kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili wa hiyo biashara bila kujua, na bado inaniuma.

Nina stesheneri Mwanjelwa, Mbeya. Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kazi yangu kubwa ni kujaza maombi ya vyuo. Msimu mmoja alikuja baba mmoja, msafi, mpole, ana daftari la kaunta lenye majina ya watoto 11, wengine wa Mbalizi, wengine wa Tukuyu na Chimala. Akasema ni watoto wa ndugu na majirani, anawasaidia. Tulikubaliana shilingi 5,000 kwa mtoto, nikajaza maombi yote kwa siku tatu. Kila mtoto vyuo vitatu. Tulipofika sehemu ya namba ya simu na barua pepe akanitajia zake, akasema watoto wako vijijini, mtandao hakuna. Nikaandika. Sikuuliza zaidi.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba kila mzazi alikuwa amelipa 200,000 ya kwanza, na nyingine 200,000 ilikuwa inasubiri jina litoke. Yaani 2,200,000 ilikuwa mfukoni mwake kabla sijabonyeza kitufe chochote. Gharama yake kwa mtoto mmoja ilikuwa ada ya maombi, kama 10,000 kwa chuo, jumlisha 5,000 yangu. Hiyo ni 35,000. Hakukuwa na mtu ndani, hakukuwa na simu ya pembeni kwa ofisa yeyote. Kazi yote niliifanya mimi, kwa njia ileile ambayo mtoto wako angeifanya mwenyewe kwa simu yake.

Majina yalipotoka, 7 kati ya 11 walipata. Wazazi wao walimwita mkombozi, karibu wote wakamalizia 200,000 kwa furaha. Lakini matokeo yao niliyaona kwenye skrini, na wote saba walikuwa na sifa za kozi walizoomba. Wangepata hata kama yule baba asingezaliwa. Wanne waliokosa aliwaambia subirini dirisha la pili la maombi, ongezeni kidogo. Mmoja alirudishiwa 100,000 baada ya baba yake kuja juu, na waliobaki sikusikia wamerudishiwa chochote.

Hapo ndipo ilipo siri ya "nusu sasa, nusu jina likitoka". Mzazi anaiona kama dalili ya uaminifu, kwamba mtu asingekubali kusubiri nusu kama hana uhakika. Ila nusu ya kwanza peke yake inamtosha. Nusu ya pili ni zawadi anayopewa na watoto waliofaulu kwa jasho lao.

Sasa kwa nini hakuna "mtu wa ndani" anayeweza kumsaidia kijana wako? Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, ule mfumo wa pamoja wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, uliachwa. Lakini TCU haikuondoka. Chuo kikishachagua, orodha ya majina inapelekwa TCU, na kila jina linahakikiwa kwa namba ya mtihani dhidi ya matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA. Kwenye mifumo mingi ninayojaza, ukiingiza namba ya mtihani matokeo yanajivuta yenyewe. Mimi mjazaji sina hata kisanduku cha kuandika daraja. Hivyo hata kama ofisa wa chuo angelala na tamaa ya hela yako, jina lisilo na sifa litarudishwa likifika kwenye uhakiki.

Na kijana wako, nisamehe kwa kusema wazi, kwa udaktari hana sifa msimu huu. Alama zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Yeye ana 6 kwa masomo matatu. Mwongozo wa udahili wa TCU unataka kwa udaktari angalau C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia, jumla 8. Amepungukiwa daraja moja Kemia na daraja moja Fizikia. Mwongozo huo uko tcu.go.tz, unapakuliwa bure, na kila kozi ya kila chuo imeandikiwa masharti yake na idadi ya nafasi. Fungua wa wenye kidato cha sita, maana kuna mwingine wa wenye stashahada. Sharti likisema C na mtoto ana D, mazungumzo yameisha, haijalishi dalali anamjua nani.

Ila ujue pia kuwa kutimiza sharti si sawa na kuchaguliwa. Kozi yenye nafasi chache na waombaji wengi wenye sifa inachukua walio juu. Dalali anaishi kwenye pengo hili. Mtoto mwenye sifa akikosa kwa ushindani, mzazi anaambiwa "mwenzako alitoa", na anaamini.

Narudi kwenye namba ya simu, kwa sababu hilo ndilo lililonifanya niache kupokea kazi za watu wa namna ile. Mtoto akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, anatakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri inayokuja kwa meseji kwenye simu iliyoandikwa kwenye maombi. Asipothibitisha ndani ya muda uliotangazwa, nafasi inampotea.

Katika wale saba, binti mmoja wa Rungwe, aliyesoma HGL yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, alipata vyuo viwili. Mama yake anauza parachichi. Meseji ya namba ya siri ikaenda kwa yule baba, naye akampigia mama kwamba sasa inahitajika 150,000 "ya kufungua uthibitisho", mbali na 200,000 ya mwisho. Mama hana. Walikuja dukani kwangu siku ya Alhamisi, binti alikumbuka kuwa ndipo alipoleta kopi za vyeti. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Jumamosi.

Nikajaribu kufungua akaunti kwa paswadi niliyoiweka mimi mwenyewe. Ilikataa, alishaibadilisha. Nikiomba paswadi mpya, meseji inakwenda kwake. Kufungua akaunti nyingine chuo kilekile haiwezekani, namba ya mtihani inasoma kuwa imeshatumika. Ndiyo maana nakwambia namba hiyo ni ya kulinda kuliko pesa. Anayetangulia kuiingiza kwenye mfumo ndiye anayeshika mlango.

Walichofanya ni kupanda basi la alfajiri Ijumaa kwenda Iringa, kwenye ofisi ya udahili ya chuo alichokitaka, binti mwenyewe akiwa na hati yake ya matokeo, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha shule. Aliulizwa maswali machache kuthibitisha kuwa ndiye, wakabadilisha namba ya simu kwenye akaunti, wakamwonyesha pa kuomba namba ya siri upya. Ikaingia kwenye simu ya mama yake wakiwa palepale dirishani, akathibitisha. Hakutozwa hata senti.

Ile 200,000 ya kwanza haikurudi. Nilimsihi mama akatoe taarifa polisi, ana meseji za M-Pesa zenye jina la mpokeaji, na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Aligoma. Aliogopa, kwa sababu moyoni alijua alilipa ili "mtu wa ndani" apewe chochote, akadhani ataonekana yeye ndiye mtoa rushwa. Nadhani hofu hiyo ndiyo inayowafanya hawa watu warudi kila Julai na daftari jipya.

Jambo dogo la pembeni, maana huwa wanalitumia: dalali akikuonyesha karatasi kwamba ni wakala anayetambuliwa na TCU, uliza ni wakala wa nini. Wanaotambuliwa ni wale wa kupeleka wanafunzi vyuo vya nje ya nchi. Kwa chuo cha hapa nyumbani hakuna uwakala wa kulipia nafasi. Na barua ya kukubaliwa hupatikana ndani ya akaunti ya mwombaji mwenyewe, akaingia akaipakua. Ukiletewa kwa WhatsApp na mtu mwingine, usilipe chochote mpaka kijana aione kwenye akaunti yake. Malipo ya chuo cha serikali yanakwenda kwa kontroo namba, hayaendi kwenye simu ya mtu.

Kwa kijana wako, hivi ndivyo ningefanya angekuwa amekaa kwenye kiti cha dukani kwangu. Akae yeye mwenyewe, simu yake mkononi, barua pepe yake, paswadi aijue yeye na wewe tu. Baiolojia C na Kemia D vinampa alama 5, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ni masomo mawili ya prinsipo, yaani yale aliyofaulu kwa A mpaka E, yenye jumla ya alama 4, kwa hiyo chuo kikuu bado ni mlango wazi. Aangalie shahada ya sayansi na ualimu kwa masomo hayo mawili, chuo cha Mkwawa kiko hapohapo Iringa. Kama roho yake iko hospitalini tu, kuna stashahada ya utabibu, miaka mitatu, na akimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba udaktari kwa njia hiyo. Ni safari ndefu kweli, lakini nimewaona walioipita.

Kama ulishampa yule jamaa namba ya mtihani kabla hujauliza hapa, kesho kijana ajaribu kufungua akaunti kwenye vyuo anavyovitaka. Ikisema imeshatumika, aende ofisi ya udahili mwenyewe na vyeti vyake mapema, asisubiri majina yatoke. Na ukirudi hapa andika matokeo yake ya kidato cha nne, hasa Fizikia, Hesabu na Kiingereza. Kutoka stashahada kwenda udaktari wanataka angalau D kwenye hayo pamoja na Kemia na Baiolojia, na ikipungua moja ni heri mjue sasa kuliko baada ya miaka mitatu.