Umeletewa barua ya wakili: maswali yenu

"Barua inasema nisipolipa ndani ya siku 14 'hatua za kisheria zitachukuliwa bila kukurejea tena'. Ina maana nimeshashtakiwa?"

Bado. Itazame pale juu: ile namba ni kumbukumbu ya ofisi ya wakili, si namba ya kesi, na muhuri wa mahakama haupo. Siku 14, mara nyingi, kazipanga wakili mwenyewe. "Tumeelekezwa na mteja wetu" maana yake anaandika alichoambiwa na upande mmoja. Hakuna hakimu aliyekwisha kusikiliza. Siku hizo 14 zikipita, wanaweza kufungua kesi, nawe utaletewa samansi. Hiyo usiikalie, kwani usipojibu kwa wakati hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa.

"Dalali anaweza kuja siku ya 15?"

Kwa deni lisilo na dhamana, kwa kawaida hapana. Kwanza kesi, kisha hukumu, kisha amri ya kuikazia, yaani kuitekeleza. Ila kama uliweka nyumba au gari dhamana, usome mkataba leo hii: mkopeshaji huenda ana haki ya kuuza bila kupitia mahakamani, na notisi ikawa ndiyo hatua ya kwanza.

"Nilikopa 600,000, nimerudisha 250,000. Barua inadai 900,000! Nijibu nini?"

Jibu kwa maandishi, kabla ya siku kwisha, bila matusi. Nadhani hiyo 900,000 imejengwa hivi: 600,000 ya mkopo, riba, na ada ya wakili. Omba mchanganuo na nakala ya mkataba. Kama mkataba hautaji riba, sema hivyo. Ada ya wakili kwa kawaida ni kati yake na mteja wake, mpaka mkataba useme vinginevyo au mahakama iamuru. Ambatisha risiti za 250,000. Unachobishania sasa si deni lote: 350,000 unazikubali, 550,000 zilizobaki wazithibitishe. Ukiweza, pendekeza ratiba ya kulipa hizo, na juu ya pendekezo hilo uandike "bila kuathiri haki zangu". Baki na nakala na ushahidi kwamba barua yako imepokelewa.

"Deni ni la miaka mingi. Si nimpigie tu wakili, nimwambie nitalipa kidogo kidogo?"

Subiri kwanza. Madai yana ukomo wa muda, na katika nchi nyingi kukiri deni kwa maandishi, pengine hata kwa ujumbe wa simu, au kulipa sehemu yake kabla muda haujaisha, huanzisha hesabu upya. Nimeona mtu akituma kiasi kidogo "kuonyesha nia njema", akalifufua dai lililokuwa limebakiza miezi michache. Na huyo wakili, hata akiongea kwa upole, si wakili wako. Tafuta kwanza tarehe ya malipo yako ya mwisho, umpelekee wakili wako pamoja na barua yenyewe.