Maswali na majibu: Video imekamilika, viziwi na wasioona wataifuataje?

Swali: Nimemaliza video ya dakika 11 kuhusu kina mama wanaolima mwani Paje, Zanzibar. Nimekutumia kipande cha dakika ya pili. Mfadhili anataka iwe na manukuu kwa ajili ya viziwi na maelezo ya sauti kwa ajili ya wasioona. Nianzie wapi, na hayo maelezo yatakaa wapi wakati watu wanaongea karibu muda wote?

Jibu: Anza na manukuu, ndugu yangu. Ukishaandika kila kinachosemwa pamoja na muda wake, utaona wazi ni wapi watu wananyamaza, na kwenye ukimya huo ndimo maelezo ya sauti yatakamoingia. Ukianza na maelezo utakuwa unabahatisha.

Subtitle Edit ni programu ya bure na inakutosha. Inakuonyesha mawimbi ya sauti na kukuhesabia herufi kwa sekunde. Mwanzo wa kipande chako ningeuandika hivi:

```
14
00:02:10,400 --> 00:02:13,900
MKULIMA: Maji yakishakupwa
tunaingia na kamba zetu.

15
00:02:21,200 --> 00:02:23,000
[Injini ya boti inakaribia]
```

Nukuu ya kwanza ina herufi 50, ukihesabu na nafasi, na inakaa sekunde tatu na nusu. Hiyo ni kama herufi 14 kwa sekunde, mwendo ambao msomaji wa kawaida anaumudu na bado akapata nafasi ya kutazama picha. Usivuke 17. Miongozo mingi ya Kiingereza huhesabu maneno kwa dakika. Kwetu kipimo hicho hakifai, kwa sababu neno moja kama "yakishakupwa" limebeba kazi ya maneno kadhaa. Hesabu herufi. Mistari isizidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 40 hivi, na usikate mstari baada ya "na", "ya" au "kwa". Jicho likikuta "kamba za" peke yake juu, linasimama kusubiri.

Nimeandika MKULIMA kwa sababu pale tunaona mikono tu, msemaji haonekani. Akiwa usoni mwa kamera, hakuna haja. Sauti nazo uzichague. Injini ya boti imo kwa sababu mama anageuka kutazama baharini, na kiziwi hatajua amegeuzwa na nini. Mawimbi yanayosikika video nzima yataje mara moja mwanzoni, basi. Na ukiandika "[Muziki]" peke yake, bado hujamwambia kitu. Andika "[Ngoma taratibu]".

Hifadhi faili kwa UTF-8. Ikihifadhiwa kwa mfumo wa zamani, ile alama ya "ng'" iliyopinda inaweza kugeuka herufi za ajabu, na "ng'ambo" haisomeki tena. Halafu kagua nukuu ya kwanza na ya mwisho. Zote zikichelewa kwa kiasi kilekile, huenda umeongeza kitu mwanzoni mwa video, nawe unazisogeza zote kwa pamoja. Ya kwanza ikiwa sawa na ya mwisho imepotea, chunguza idadi ya fremu kwa sekunde. Ukichanganya 25 na 24, mwishoni mwa dakika 11 utakuwa umekosea kwa zaidi ya sekunde 25.

Sasa maelezo ya sauti. Kati ya nukuu ya 14 na ya 15 una sekunde saba na kidogo. Acha nusu sekunde kila upande, ubaki na sita. Kinachoshawishi ni kuandika hivi: "Mwanamke mwenye mtandio mwekundu anatembea kwenye maji yanayomfika magotini, amebeba fungu la kamba, huku jua likichomoza nyuma yake." Isome kwa sauti ukiwa na saa. Kwa usomaji wa utulivu inakaribia sekunde kumi. Kuisoma haraka si dawa, kwa sababu asiyeona anaisikia mara moja tu na hana picha ya kumsaidia kuunganisha.

Jiulize nini kinahitajika ili maneno yanayofuata yaeleweke. Baada ya hapo mama anasema, "Ukikaza sana, kinakatika." Kinakatika nini? Ndicho cha kusema: "Maji magotini, anafunga vishada vya mwani kwenye kamba." Hiyo inachukua sekunde nne hivi na inabaki nafasi ya kusikia maji yenyewe. Mtandio mwekundu utauhitaji tu kama baadaye rangi hiyo ndiyo inayomtofautisha mama huyu na wenzake. Sema kinachoonekana, kwa wakati uliopo, na usitoe hukumu. "Ana huzuni" ni hukumu. "Anatazama chini, hajibu" ni picha.

Penye tabu ni pale unapoonyesha jedwali la bei za mwani, huku mnunuzi anaongea bila kupumua. Wazo la kwanza liwe kutafuta ukimya wa karibu, kwa sababu maelezo yanaweza kutangulia picha kwa sekunde chache bila madhara. Usipoupata, tengeneza toleo la pili ambalo picha inagandishwa kabla mnunuzi hajaanza, sauti ya mazingira inaendelea chini, msimulizi anasoma bei zote, kisha mambo yanaendelea. Usiweke usimulizi wakati mtu mwingine anaongea. Msikilizaji atawakosa wote wawili. Ila kumbuka kwamba ukigandisha sekunde nane, manukuu yote ya toleo hilo baada ya hapo yanasogea sekunde nane, kwa hiyo litahitaji faili lake la manukuu, yaani la SRT. Majina ya wahusika yanayotokea kwa maandishi tu nayo yasomwe. Bila hivyo asiyeona hatajua nani ni nani hadi mwisho.

Msimulizi awe na sauti tofauti na ya mtangazaji wako. Anapoongea, shusha sauti ya video yenyewe kwa desibeli 6 hadi 10, taratibu, bila kuikata. Kama hukugandisha picha popote, huna haja ya kutoa video upya. Unganisha mchanganyiko mpya wa sauti na picha ileile kwa amri hii ya programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i mwani.mp4 -i maelezo.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac mwani_maelezo.mp4
```

Toa mafaili mawili, la kawaida na lenye maelezo. Kuweka sauti mbili ndani ya faili moja kunawezekana, lakini programu nyingi za simu zitacheza ya kwanza tu na mtazamaji hatajua kuna ya pili. YouTube inapokea SRT kando, na mtu anawasha mwenyewe. WhatsApp haina pa kuliweka, hivyo nakala ya huko choma manukuu ndani ya picha, na jina la msemaji likitokea chini, nukuu ya wakati huo ipandishe juu. Mfadhili akitaja WCAG, yaani miongozo ya kimataifa ya kuwafikia watu wenye ulemavu mtandaoni, daraja la AA, manukuu na maelezo ya sauti yote yanahitajika.

Kabla ya kukabidhi, mpe kiziwi mmoja na asiyeona mmoja, na uwalipe kwa kazi hiyo. Usiwaulize kama wameipenda. Waombe wakusimulie, kisha sikiliza wanapokwama: nani alikuwa anaongea, bei ilishuka lini, kwa nini mama aligeuka. Viziwi wengi wa Tanzania lugha yao ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na Kiswahili cha maandishi ni cha pili. Akikuambia manukuu yamemshinda licha ya mwendo mzuri, hapo panahitajika mkalimani wa alama kwenye kona ya picha, na hiyo uipangie bajeti yake na mfadhili mapema.